Bati Linalong'aa Si Bati Baridi
Hotuba kwa wenye nyumba za kupangisha na mafundi wa ujenzi, Arua

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, akina Hajati, mafundi wenzangu, asanteni kwa kuniita. Mmeniomba niseme Kiswahili kwa sababu humu ndani kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi, na ndugu waliovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini, na Kiswahili ndicho tunachouziana nacho simenti na misumari. Basi nitasema kama tunavyosema saiti.

Naanza na chumba cha ghorofa ya juu saa nane mchana, mwezi wa pili. Ninyi mnaopangisha mnakijua. Cha chini kina mpangaji mwaka mzima, cha juu mtu anakaa miezi mitatu anahama, na akihama anasema, "Mzee, chumba ni kizuri, lakini mchana hakikaliki." Wengi mnanunua feni. Feni inazungusha hewa, na inasaidia jasho likauke, lakini joto lenyewe linashuka kutoka juu ya kichwa cha mpangaji. Panda kwenye kiti, inua kiganja karibu na silingi bila kuigusa. Utasikia joto usoni na mkononi kama umesimama karibu na jiko la mkaa. Hilo joto limetoka kwenye bati.

Arua iko nyuzi tatu hivi kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Machi na tena katikati ya Septemba, jua linapita juu ya utosi kabisa. Hata Desemba, linapokuwa limeelekea kusini kwa mbali zaidi, kilele chake cha mchana ni zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Na kilele hicho hapa kwetu kiko karibu saa saba mchana, si saa sita, kwa sababu tuko magharibi sana mwa saa tunayotumia. Maana yake ni kwamba saa za joto kali, ukuta unapata jua la upande tu, lakini paa linapigwa usoni. Wenzetu wa nchi za mbali wanahangaika na kuta na madirisha. Hapa ni paa kwanza.

Jua la mchana safi linamwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Chukua pasi ya umeme ya wati 1,000. Chumba cha mita nne kwa tatu kina mita za mraba 12 za paa juu yake, kwa hiyo jua limeweka pasi 12 juu ya chumba hicho. Bati la maruni lililokaa miaka kadhaa linarudisha robo tu na kumeza tisa. Bati lililopakwa rangi nyeupe nzuri, likiwa safi, linarudisha nane kwa kumi, na kumeza mbili na kitu. Si kwamba pasi zote tisa zinaingia chumbani. Upepo unachukua nyingi, na nyingine zinarudi angani. Lakini kinachobaki ndicho kinachoshuka kwenye silingi, na tofauti ya tisa na mbili mpangaji anaisikia.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea miaka mingi. Mtu anasema, "Fundi, sina haja ya rangi, bati langu ni jipya, linang'aa kama kioo, linarudisha jua lote." Bati jipya la zinki kweli linarudisha mwanga mwingi, zaidi ya nusu. Lakini kitu kilichoko juani kina kazi mbili. Ya kwanza ni kurudisha mwanga. Ya pili ni kutoa joto lile kidogo ambalo kimelimeza, kulitupa angani. Chuma kitupu kinachong'aa ni bahili katika kazi ya pili. Kinameza kidogo, lakini alichomeza hakiachii, na kinazidi kupanda moto. Rangi, karibu rangi yoyote iwe nyeupe au nyeusi, inaachia joto vizuri. Ndiyo maana rangi nyeupe inashinda: inarudisha mwingi na inaachia kile ilichomeza. Ukigusa bati jipya saa saba mchana litakuunguza. Ukigusa bati jeupe mkono unakaa. Na bati linalong'aa halibaki hivyo, baada ya miaka linafifia, linashika vumbi la maramu, linaingia kutu, na hapo linameza jua karibu kama la maruni.

Kuna jambo jingine la bati jipya ambalo linadanganya hata fundi mwenye vyombo. Mnaikumbuka ile bunduki ya joto waliyotulenga nayo pajini wakati wa korona? Iko ya mafundi, inapima mpaka nyuzi mia kadhaa. Ukiilenga kwenye bati linalong'aa inasoma uongo. Inaweza kukuambia nyuzi 30 wakati bati liko 55, kwa sababu inasoma joto linaloachiliwa, na nimeshasema chuma kitupu hakiachii. Dawa yake ni rahisi. Bandika kipande cha tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kwenye bati, kikandamize kishike vizuri, subiri dakika kumi, kisha lenga kwenye tepu. Muuzaji akikuonyesha bati linalong'aa kwa bunduki na kusema "tazama, ni baridi," mwombe aweke tepu.

Niwaeleze kazi moja, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Hajati mmoja ana nyumba ya ghorofa moja juu, vyumba kumi vya juu, wapangaji wengi ni wafanyabiashara wa njia ya Juba. Bati ni la maruni la kiwandani, geji 28, lina miaka kumi. Silingi ni plaiwudi nyembamba. Aliniambia, "Mwanangu, nipakie yote, nimechoka kusikia malalamiko." Nikamwomba kitu kimoja: tupake nusu kwanza, juu ya vyumba vitano, na vitano vingine tuviache wiki moja. Alisita, akasema majirani watamcheka kwa paa la rangi mbili. Lakini alikubali, na nawaomba na ninyi mfanye hivyo, kwa sababu ukipima leo kabla ya rangi na kesho baada ya rangi, hujui kama tofauti ni ya rangi au ya wingu. Nusu kwa nusu, siku ile ile, saa ile ile, milango imefungwa sawasawa, hapo hakuna ubishi.

Siku tuliyopima, saa nane mchana, hewa ya kivulini nje ilikuwa nyuzi 31. Bati la maruni lilikuwa 63 na jeupe 39. Silingi upande wa maruni, ukilenga kutoka chini, 43. Upande mweupe 34. Hewa ya chumbani ilikuwa 34 kwa 31. Angalieni hapo. Mtu akisikia hewa imeshuka nyuzi tatu tu anasema, "Fedha yote ile kwa nyuzi tatu?" Lakini mwili haupimi hewa peke yake. Silingi ya nyuzi 43 inakupiga joto kichwani kama jiko, hata hewa ikiwa ile ile. Silingi ya 34 imelingana na ngozi yako, haikuchomi. Wapangaji hawakuzungumzia nyuzi. Walisema sasa wanaweza kulala mchana.

Hesabu ya rangi tuliifanya hivi. Paa lina pande mbili, kila moja urefu mita 20, na kutoka juu mpaka ukingoni mita 5.2. Jumla mita za mraba 208. Lakini bati lina mawimbi, na rangi inapaka mawimbi, haipaki ramani. Ongeza sehemu moja ya kumi, unapata kama 229. Kopo lilisema lita moja inapaka mita 8 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 29 kwa mkono mmoja. Mikono miwili haitoshi juu ya maruni. Rangi nyeupe ikiwa nyembamba, mwanga unapenya, unafika kwenye ule wekundu wa chini na kumezwa huko. Ukisimama juu na bado unaona uwaridi, jua nalo linauona. Tulipaka mikono mitatu, lita 87, tukanunua ndoo tano za lita 20, na kilichobaki Hajati amekihifadhi kwa marekebisho.

Hesabu hii si ya kununulia tu, ni ya kumsimamia fundi. Nakaa saiti na kuhesabu ndoo. Upande wa kwanza, vijana wangu walimaliza mkono wa kwanza kwa lita tisa, ilhali nusu ya paa ilitaka kati ya 14 na 15. Walikuwa wameongeza maji ili rola iteleze. Ukitazama kwa macho, siku hiyo paa lilikuwa jeupe. Lakini unene haukuwepo, na unene ndio unaofanya kazi. Tulirudia.

Kuosha kulichukua muda kuliko kupaka. Bati la rangi ya kiwandani lililozeeka linatoa unga. Pitisha kiganja, kinatoka chekundu kama umeshika chaki. Ukipaka juu ya unga, umepaka unga, hujapaka bati. Tulisugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, tukasuuza mpaka kiganja kikatoka safi. Penye kutu tukapiga brashi ya waya na kuweka praima ya kuzuia kutu, hasa kuzunguka misumari. Kisha tukapaka asubuhi, kuanzia umande ulipokauka mpaka saa nne hivi. Baada ya hapo bati ni moto mno, rangi inakauka kabla haijatandaa, inaacha michirizi na haishiki. Jioni nayo umande au mvua inaiwahi. Ni kazi ya asubuhi tatu nne, si ya siku moja, na fundi anayekuahidi siku moja anakuambia atapaka saa saba. Na mkipanda, kanyageni kwenye mstari wa misumari, pale papi zipo chini, mkiwa mmefungwa kamba.

Rangi yenyewe ilikuwa ya maji, akriliki ya nje ya paa. Naomba hapa nisimame kidogo, kwa sababu hili nililipia mwenyewe. Nikiwa fundi kijana nilipaka bati jipya la zinki kwa rangi ya mafuta, nyeupe, ya kung'aa. Lilipendeza sana. Mvua ya pili ilipoisha, rangi ilikuwa inachunika vipande vikubwa kama ngozi ya kitunguu, na nyuma ya kila kipande kuna utelezi. Mwenye nyumba alidhani nilichanganya kitu. Ukweli ni kwamba zinki na mafuta ya rangi ile vinakutana polepole na kutengeneza kitu cha jamii ya sabuni, katikati ya bati na rangi. Hakuna kinachoshika juu ya sabuni. Bati la zinki linataka rangi ya maji iliyoandikwa kwamba inafaa kwa zinki, au praima yake maalumu kwanza. Na likiwa jipya kabisa lina mafuta ya kiwandani. Nyunyiza maji: yakikusanyika kuwa matone yanayoviringika, bado lina mafuta, yakitandaa kama shuka, liko tayari. Ukiwa na nafasi, liache linyeshewe msimu mmoja kabla ya kupaka. Na baada ya kupaka, rangi ikishakauka wiki moja, kata kwa wembe mistari ya kukatizana mahali pasipoonekana, bandika tepu, ivute ghafla. Ikitoka na vipande vya rangi, usimlipe mtu bado.

Mmoja wenu aliniuliza pale nje kuhusu chokaa, kwamba ni rahisi na ni nyeupe. Kwenye paa la zege bapa, sawa, inafanya kazi, ila utairudia maana mvua inaiosha. Zege hasa linafaidika, kwa sababu linahifadhi joto la mchana na kulishusha chumbani mpaka saa nne usiku. Kwenye bati, hapana. Chokaa mbichi ni kali, inakula zinki, na hapo unaita kutu kwa mkono wako.

Kuhusu uchaguzi wa rangi kwa anayejenga sasa. Najua fasheni ya mjini: kijivu cha mkaa, maruni, kijani cha msituni. Ni nzuri kwa macho, na ukijenga hivyo juu ya vyumba vya kulala, umeweka jiko. Kama hutaki nyeupe, chukua krimu iliyofifia, inakaribia nyeupe. Jihadhari na kijivu cheupe, kinadanganya. Jicho linasema ni cha wastani, lakini karibu nusu ya jua au zaidi kinalimeza. Jicho halioni kila kitu. Karibu nusu ya nguvu ya jua ni miale isiyoonekana, na kwa sababu hiyo viwanda vinaweza kutengeneza maruni inayorudisha ile miale ya siri, na maruni mbili zinazofanana machoni zikatofautiana kwa joto. Ukiambiwa bati lako ni la aina hiyo, weka vipande viwili juani, upepo mmoja, na upime saa saba ukilenga rangi yenyewe, bila tepu. Na kama jirani ana ghorofa refu kuliko lako, zungumza naye kabla ya nyeupe, maana mwako wa paa lako utaingia dirishani kwake. Hapo krimu inaleta amani.

Upande wa chini wa bati, ule unaotazama silingi, kama ni zinki tupu inayong'aa, uacheni hivyo hivyo. Ule ubahili niliousema, upande wa juu ni hasara, lakini upande wa chini ni faida: bati linashikilia joto lisiliachie kuelekea silingini. Nimeona mtu akipaka chini nyeupe ili "apunguze joto," akaliongeza.

Rangi hii haitafanya nini? Haitafanya chumba kiwe baridi kuliko hewa ya nje mchana. Haizuii jua la saa kumi linaloingia dirisha la magharibi. Usiku paa lililopakwa linapoa haraka kuliko chuma kitupu, ni vizuri kwetu, lakini alfajiri umande unaweza kugandia chini ya bati na kudondoka, kwa hiyo acheni matundu ya hewa kwenye kenchi. Na aliye na nyumba Kabale, ambako usiku mnajifunika blanketi mbili, asifuate maneno yangu. Kule jua la paa ni rafiki.

Nyeupe pia haibaki nyeupe. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari, vumbi jekundu linatua kila siku, na hakuna mvua ya kuliosha, wakati ule ule joto linapozidi. Hajati sasa anaosha mara moja katikati ya Januari, maji na brashi laini, bila sabuni kali. Mara ya kwanza alipochelewa, tulibandika tepu mbili, moja penye vumbi na moja pale tulipofuta kwa kitambaa. Tepu nyeupe ya juu haikutusaidia chochote hapo, maana inameza yake na si ya vumbi, kwa hiyo tulilenga rangi yenyewe, ambayo bunduki inaisoma vizuri. Sehemu chafu ilikuwa nyuzi saba juu ya ile iliyofutwa.

La mwisho ni maji. Wengi wenu mnakinga mvua kwenye matangi. Kule Bermuda mapaa ni meupe kwa desturi ya karne nyingi, na maji ya kunywa yanatoka juu yake, kwa hiyo nyeupe na tangi vinaweza kuishi pamoja. Lakini ulizeni duka rangi isiyo na risasi na inayokubalika kwa maji ya mvua. Mnaposugua rangi ya zamani na wiki zinazofuata, chomoeni bomba la gata kutoka kwenye tangi. Hajati aliacha mvua tatu nzito zipite nje kabla ya kulirudisha, na mvua ya nne ndiyo aliyoikinga.